Salamu Isiyo na Ombi: Uhakiki wa Ujumbe wa Kwanza kwa Baba Aliyeondoka, Mengo, Kampala

Ikisiri

Makala hii inahakiki ujumbe mfupi wa simu wenye maneno 38, ulioandikwa kwa Kiswahili na mwanamke mkazi wa Mengo kwenda kwa baba yake aliyeiacha familia miaka mingi iliyopita. Mwandishi wa ujumbe alikusudia usiwe na ombi lolote. Makala inaonyesha jinsi ugumu wa kusudio hilo ulivyomo katika sarufi, katika ada ya salamu na katika desturi za ukoo za Buganda, na jinsi usahihishaji wa mtafiti mwenyewe ulivyokaribia kuuharibu ujumbe huo. Mwisho inagusa suala la ufundishaji wa uandishi wa barua katika shule za Uganda.

Utangulizi

Matini ninayoihakiki haikuandikwa ili ihakikiwe. Niliipata kwa sababu mwandishi wake, mwanamke wa miaka thelathini na kadhaa ninayemfahamu kwa ujirani, aliniletea rasimu akiniomba niisahihishe Kiswahili. Baba yake ni mtu wa upande wa Tanzania aliyefanya kazi ya udereva Kampala, akazaa watoto wawili na mama Mganda, kisha akarudi kwao na asionekane tena. Namba ya simu ilipatikana kwa dada wa baba huyo. Ruhusa ya kuichapa matini nilipewa kwa masharti mawili: majina yote yaondolewe, na nisimwulize kamwe kama amejibiwa. Nimeyashika yote mawili. Kwa hiyo msomaji atakayetaka kujua jibu la baba hatalipata hapa, na uhakiki huu hauwezi kuutumia mwitikio wa mwandikiwa kama kipimo cha kufaulu kwa matini.

Ujumbe uliotumwa ni huu, ukiondoa neno moja la mwisho:

"Shikamoo Baba. Ni mimi mtoto wako wa Mengo, ule mdogo. Hapa hakuna msiba, hakuna mgonjwa. Mama iko mzima, dada iko mzima, na mimi niko mzima. Ile redio ulitengeneza ingali inasema. Namba nilipewa na shangazi. Nimeandika tu ujue tuko."

Neno lililoondolewa ni jina la utani ambalo baba peke yake alimwita binti huyo utotoni. Hilo ndilo saini.

Uhakiki wa barua za Kiswahili umezoea kushughulikia barua zenye hadhi ya fasihi au ya historia. Tunazo barua za Shaaban Robert kwa mdogo wake Yusuf Ulenge, zilizohaririwa na Mulokozi. Tunazo pia barua za biashara na za utawala kutoka pwani, zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu na kukusanywa tangu karne ya 19. Katika riwaya, Abdulrazak Gurnah katika Gravel Heart (2017) amemweka kijana wa Kizanzibari ambaye baba yake alihama nyumbani, naye akiwa London humwandikia mama yake barua ambazo nyingine hazitumi. Barua isiyotumwa ina uhuru mkubwa: haina mpokeaji wa kuogopwa. Ujumbe wa Mengo ulikuwa utumwe, na kila neno lake lilipimwa kwa mpokeaji huyo.

Kwa nini ujumbe huu ni mgumu Mengo

Mengo si mahali pa kawaida pa kukosa upande wa baba. Katika Buganda mtoto ni wa ukoo wa baba. Jina lake hutoka katika hazina ya majina ya ukoo huo, mwiko wake wa chakula hutoka huko, na anapoolewa, shughuli ya kwanjula humhitaji baba au anayesimama badala yake, pamoja na ssenga, yaani shangazi wa upande wa baba. Barabara ya Kabaka Anjagala inayotoka Lubiri kwenda Bulange imepambwa kwa michongo ya miziro ya koo za Waganda. Mwandishi wetu huipita barabara hiyo akienda kazini. Hakuna mchongo hata mmoja ulio wake, kwa kuwa baba yake si Mganda, na ukoo wa mama hauwezi kumpokea kama mwana wa ukoo.

Matokeo yake ni kwamba mtu mzima wa Mengo anapomtafuta baba aliyepotea, kila asikiaye hudhani anajua sababu. Ama kuna kwanjula inayokuja, ama kuna ardhi, ama kuna karatasi ya serikali inayodai jina na asili ya baba. Kama mtoto ni mdogo, wengine watawaza sheria, maana sheria ya watoto ya Uganda humpa aliye chini ya miaka 18 haki ya kutunzwa na wazazi wake. Na ujumbe unaotoka namba ngeni usiku hubeba dhana nyingine nzito kuliko zote, kwamba kuna aliyekufa. Hivyo mwandishi anayetaka kutoomba kitu hapati ukurasa mtupu. Maombi manne au matano yamekwisha kuandikwa kwa niaba yake kabla hajabonyeza herufi ya kwanza, na kazi yake ni kuyafuta bila kuyataja.

Hapo ndipo rasimu ya kwanza ilipoanguka. Ilikuwa na sentensi isemayo: "Usiogope, sitaki pesa." Kwa nia ni sentensi njema, kwa utendaji ni kinyume chake. Kitenzi kanushi hakifuti kinachokanushwa. Hukiita kwanza, kisha hukikataa. Anayesoma "sitaki pesa" ameshaziona pesa, na pamoja nazo amesikia hukumu: kwamba yeye ni mtu ambaye jambo la kwanza linalofikiriwa kumhusu ni deni. "Usiogope" ni baya zaidi, maana humpangia baba hisia ambayo hajaikiri.

Usahihishaji uliopotosha

Sasa niseme juu ya kosa langu. Nilifanya alichoniomba. Nilirekebisha upatanisho wa kisarufi, nikaondoa "iko" inayotumika Kampala mahali pa kitenzi kishirikishi, nikapanga mawazo, kisha nikamrudishia hii:

"Shikamoo Baba. Mimi ni binti yako mdogo uliyemwacha Mengo. Natumaini u mzima wa afya. Dhumuni la ujumbe huu ni kukufahamisha kwamba sote tu wazima. Sikuombi chochote wala si lazima unijibu. Namba yako nimepewa na shangazi."

Aliisoma mara mbili akasema, "Mwalimu, hii imekuwa kama ya polisi."

Nilidhani anatania. Lakini kwa masikio ya Mengo kauli hiyo ni sahihi kihistoria na kiisimu. Kiswahili kiliingia katika maisha ya Waganda wengi kwa mdomo wa askari. Kabaka Daudi Chwa alikipinga mwaka 1929, kilipopendekezwa kuwa lugha ya utawala na elimu. Baadaye kikawa lugha ya kambi na ya vizuizi vya barabarani, na amri ya Idi Amin ya mwaka 1973 ya kukifanya lugha ya taifa haikukiongezea mapenzi. Mtu aliyejifunza lugha kwa kusikia "leta", "toa" na "kaa chini" anazo amri nyingi na ombi moja moja. Mwandishi wetu alikuwa na Kiswahili cha namna mbili: hicho cha barabarani, na kile kidogo cha utotoni alichokisikia kwa baba yake. Mimi nilimwongezea cha tatu, cha ofisini, na sikutambua kwamba "dhumuni la ujumbe huu ni kukufahamisha" kwake kilikuwa jamaa ya kile cha kwanza.

Tuliangalie neno lililo zito kuliko yote katika toleo langu: "uliyemwacha". Niliingiza kirejeshi hicho kwa ajili ya uwazi, ili baba ajue ni binti yupi. Kisarufi hakina dosari. Lakini kirejeshi hubeba dhana tangulizi, yaani jambo linalochukuliwa kuwa limekwisha kukubaliwa na pande zote. Mtu akisema "uliniacha", baba anaweza kupinga: sikuwaacha, nilifukuzwa, nilikuwa narudi. Akisema "mtoto uliyemwacha", nafasi ya kupinga imeondolewa, kwa sababu kuacha si habari tena bali ni utambulisho wa mtoto. Shtaka limepitishwa ndani ya anwani. Rasimu yake ilikuwa na "mtoto wako wa Mengo", na alikirudisha. Kihusishi "wa" kinaeleza mahali tu. Kinakubali pia, kimya kimya, kwamba huenda wapo watoto wa mahali pengine, wala hakilalamiki juu yao. Sijui kirai kingine cha Kiswahili ambacho kingefanya kazi hizo mbili kwa silabi chache hivyo.

"Natumaini u mzima wa afya" nayo ilikatwa. Nilishangaa, kwa kuwa adabu ya barua ya Kiswahili inadai kumjulia hali mwandikiwa. Sote tulilelewa na ile kanuni ya "mimi ni mzima, hofu ni juu yako". Maelezo yake yalikuwa mafupi: akiulizwa hali, atabidi ajibu, na kama hali yake ni mbaya, atabidi aeleze. Ukiusoma ujumbe uliotumwa kwa jicho hilo utaona hauna swali hata moja, wala amri, wala kitenzi cha kukataa katika nafsi ya kwanza. Ukanushi pekee ni "hakuna msiba, hakuna mgonjwa", nao umewekwa mara tu baada ya utambulisho, mahali hasa ambapo moyo wa msomaji ungeanza kudunda. Huo haukani hitaji la mwandishi. Unaondoa hofu ya habari mbaya. Tofauti yake na "usiogope" ni kubwa: mmoja unaeleza hali ya nyumbani, mwingine unaeleza hali ya moyo wa baba.

Mwembe na redio

Mabadiliko yaliyonifundisha zaidi hayakutoka kwangu. Katika rasimu ya kwanza, mahali palipo redio palikuwa na mwembe: mwembe uliopandwa na baba kando ya bomba, ambao bado unazaa. Mimi niliufuta kwa sababu nyepesi ya ufupi. Mjomba wake aliusoma akaupinga kwa sababu nzito. Mti uliopandwa si pambo. Katika desturi nyingi za Afrika Mashariki mti ni mali ya aliyeupanda hata pale ardhi isipokuwa yake, na katika mabishano ya kibanja huko Buganda miti iliyokomaa ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuonyeshwa kama ushahidi wa nani alikaa mahali na tangu lini. Kumwandikia mwanamume aliyeondoka kwamba mti wake bado unazaa kunaweza kusomwa kama mwaliko wa kuja kudai, au kama hila ya kumtoa ili akane. Ombi limerudi, safari hii kwa mlango wa sheria ya ardhi.

Redio haina kesi. Ni chombo kilichoharibika, baba akakifungua akakitengeneza, nacho kinasema mpaka leo. Haidaiwi na mtu wala haihesabiwi katika urithi wowote wa maana. Lakini inafanya lile ambalo mwembe ulikusudiwa kufanya: inamwambia baba kwamba jambo moja alilolifanya vizuri katika nyumba ile halikufa alipoondoka. Zingatia pia "ulitengeneza", kirejeshi kikiwa kimedondoshwa kama ilivyo kawaida ya Kiswahili cha Kampala. Nilitaka kuandika "uliyoitengeneza". Sasa nafurahi kwamba hakukubali. Si kwa sababu umbo lake ni bora kwa jumla, la. Ni kwa sababu baba yake aliishi Kampala na atalitambua kuwa ni sauti ya nyumba ile.

"Tu" na chombo cha kutumia

Kazi ambayo "sikuombi chochote" ilishindwa kuifanya imefanywa na neno la herufi mbili. "Nimeandika tu ujue tuko." Kiambishi cha kusudi kimo: "ujue" ni kitenzi pekee katika matini yote chenye kiishio cha -e kinachomwelekea baba, na mtu mkali anaweza kukiita ombi. Ila linaloombwa, kujua, limekwisha kutimia msomaji alipofika mwisho wa sentensi. Hakuna lililobaki la kufanya. Na "tu" hufunga mlango kwa upande wa ndani: haisemi ni nini kisichotakiwa, inasema tu kwamba kilichosemwa kimekwisha. Kisha "tuko". Sentensi inaishia kwenye kitenzi cha kuwapo bila mahali wala sifa, si "tuko salama" wala "tuko Mengo". Nilitaka kuongeza neno. Halihitajiki.

Chombo nacho ni sehemu ya maana. Alianza kuandika kwenye WhatsApp akaacha, akatuma ujumbe wa kawaida wa simu. WhatsApp huonyesha alama mbili za buluu ujumbe unaposomwa, isipokuwa mpokeaji awe amezima kipengele hicho. Baba angejua kwamba binti anajua kuwa amesoma. Tangu dakika hiyo kunyamaza kwake kungekuwa jibu. Ujumbe wa kawaida hauonyeshi kusomwa. Humwachia mpokeaji haki ya kale ya barua, ya kudai kwamba hajaiona. Kupiga simu hakukufikiriwa kabisa, na kubipu ndiko kungekuwa kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu katika mji huu mlio mmoja wa simu unaokatika ndio ujumbe mfupi kuliko wote wenye maana moja tu: nipigie wewe, gharama iwe yako.

Yasiyofaulu

Matini hii ina udhaifu, nami sitauficha kwa sababu ya kuipenda. Wa kwanza ni "Mama iko mzima", kwa kutangulia katika orodha. Utaratibu wa heshima unadai mama atangulie, lakini msomaji aliyemkimbia mama huyo atamwona nyuma ya kila neno linalofuata, na atajiuliza ni nani aliyeagiza ujumbe. Kama binti angeanza kwa nafsi yake, mama angepita kama habari. Nilimwambia hivyo. Akajibu kwamba hawezi kumweka mama yake baada yake. Hapo adabu mbili ziligongana, na aliichagua ile ya nyumba aliyolelewa.

Udhaifu wa pili ni neno la kwanza kabisa. Schegloff na Sacks (1973) walieleza kwamba baadhi ya kauli huja kwa jozi, ya kwanza ikiifanya ya pili isubiriwe. Katika Kiswahili hakuna jozi iliyokazwa kama "shikamoo" na "marahaba". Anayepewa shikamoo na asiitikie amefanya tendo linaloonekana. Kwa hiyo ujumbe ambao umeondoa swali, amri, kanusho na alama za buluu unaanza kwa neno linalodai jibu kuliko yote hayo. Ujumbe bila salamu ungekuwa tusi. "Habari" ingekuwa swali, tena la watu wa rika moja. "Salaam" ingemfanya baba kuwa mgeni. Lugha haikumpa mtoto njia ya kumfikia baba isiyopita katika kudai kuitikiwa.

Wasomaji wa kitabu hiki walio katika mipango ya lugha watauliza haya yanahusu nini sera. Katiba ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2005 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umekifanya somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Ni hatua ya maana. Lakini barua tunayoifundisha darasani ni ile yenye anwani, salamu, kisha "dhumuni". Mwanafunzi hupewa alama kwa kueleza waziwazi anachotaka. Nimefundisha hivyo kwa miaka mingi, na ndiyo sababu niliweza kuuharibu ujumbe wa jirani yangu kwa ufasaha. Pendekezo langu ni dogo: katika silabasi ya uandishi wa barua, pawepo zoezi moja la barua isiyo na haja, na katika usahihishaji wake mwalimu asikate alama kwa kukosekana kwa lengo. Pawepo pia nafasi ya kuandika Kiswahili cha Kampala pale mwandikiwa anapokifahamu, jambo ambalo najua wenzangu wengi wa usanifishaji hawatalipokea kwa urahisi.

Kuhusu "shikamoo" sina pendekezo. Nilimwuliza mwandishi, kabla hajatuma, kama alifikiria kuiacha. Alisema hajamwamkia baba yake tangu akiwa na miaka sita, na kwamba hiyo moja ni yake mwenyewe.